Thamani ya aigeni ikijirudia na vekta zikapungua: namna ya kutatua x' = Ax bila kukwama

Mfumo wa milinganyo ya difrensheli wa aina ya x' = Ax, yaani A ni matriksi ya namba zisizobadilika na x ni vekta ya vitu vinavyobadilika na muda, kwa kawaida hausumbui. Unatafuta thamani za aigeni za A, kila thamani λ unaitafutia vekta yake v, unaandika e^(λt) v, unazijumlisha zote na konstanti zako na kazi imeisha. Inakubali kwa sababu Av = λv, ukidifrenshieti e^(λt) v unapata λ e^(λt) v na ukiipiga A unapata kitu kilekile, pande zote mbili sawa.

Pagumu ni pale λ moja inapojirudia. Matriksi ya 2 kwa 2 inadai solusheni mbili zisizotegemeana, ya 3 kwa 3 inadai tatu, hakuna punguzo. Sasa polinomia ya det(λI − A) inakwambia λ ipo mara mbili lakini ukienda kutafuta vekta unapata moja tu. Hiyo ndo matriksi pungufu na ndo nataka tuishughulikie hapa, kwanza ile ya 2 kwa 2 halafu ya 3 kwa 3 yenye mtego ambao nimeona watu wazuri kabisa wakikaa nao nusu saa wanafuta na kuandika upya.

Kwanza jua kama kweli imepungua

Kujirudia peke yake si ugonjwa. Kuna matriksi λ inajirudia na vekta zinatosha kabisa, mfano matriksi yoyote ya namba halisi iliyo simetriki (ukiikunja kwenye ulalo namba zinalingana), hiyo haipungukiwi kamwe hata λ ijirudie mara ngapi. Kwa hiyo usikimbilie kuweka t kwenye jibu kwa sababu tu umeona mzizi uliojirudia.

Namna ya kujua ni hii: tengeneza N = A − λI, tafuta ranki yake (mistari mingapi inabaki na kitu baada ya kupunguza mistari), halafu toa hiyo ranki kwenye ukubwa wa matriksi. Unachobaki nacho ni idadi ya vekta za aigeni za λ hiyo. Ikilingana na mara ambazo λ imejirudia kwenye polinomia uko salama, endelea kama kawaida. Ikiwa ndogo, imepungua.

Kwa 2 kwa 2 kuna njia fupi zaidi. λ ikijirudia, matriksi ambayo haijapungua ni λI tu, yaani λ kwenye ulalo na sifuri kwingine. Ukiona λ imejirudia na matriksi si ya sura hiyo basi imepungua, huna haja ya kupima chochote.

Mfano wa 2 kwa 2, tuuende taratibu

```
x' = 3x + y
y' = -x + y        x(0) = 2,  y(0) = 1
```

Jumla ya ulalo ni 4, determinanti ni 3·1 − 1·(−1) = 4, kwa hiyo polinomia ni λ² − 4λ + 4, ambayo ni (λ − 2)². λ = 2 mara mbili. Tunatoa 2 kwenye ulalo:

```
N = A - 2I = [  1   1 ]
             [ -1  -1 ]
```

Mstari wa pili ni wa kwanza ukiwa na alama hasi, ranki ni 1, kwa hiyo vekta ni 2 − 1 = 1. Nv = 0 inasema a + b = 0, chukua v = (1, −1). Solusheni ya kwanza tunayo, e^(2t)(1, −1). Ya pili iko wapi?

Watu wengi wanakumbuka ile ya mlinganyo mmoja wa daraja la pili, kwamba mzizi ukijirudia unazidisha na t, basi wanaandika t e^(2t) v na kuendelea na safari. Tuijaribu tuone. Ukidifrenshieti t e^(2t) v unapata e^(2t) v + 2t e^(2t) v. Ukiipiga A unapata 2t e^(2t) v peke yake. Upande wa kushoto kuna e^(2t) v imebaki haina mwenzake, kwa hiyo hiyo si solusheni na haiwezi kuwa hata ubadilishe konstanti vipi. Lakini angalia kilichobaki, ni e^(2t) v, kitu kidogo chenye sura inayojulikana. Tuongeze kipande e^(2t) w kisha tuone w inatakiwa iweje ili kile kilichobaki kifutike. Ukiweka e^(2t)(t v + w) kwenye mlinganyo na kupanga, sharti linalobaki ni moja:

```
(A - 2I) w = v
```

Basi, hapo ndipo w inapotokea, haikudondoka kutoka hewani. Inaitwa vekta ya aigeni ya jumla, na kazi yake ni kuziba lile pengo ambalo t imeliacha. Ukielewa hivi hutahitaji kukariri fomula maana unaweza kuitoa mwenyewe kwenye karatasi kwa mistari mitatu.

Kwa mfano wetu, Nw = (1, −1) inasema a + b = 1, mstari wa pili unasema −a − b = −1 ambayo ni kitu hichohicho. Chukua w = (1, 0). Ungechukua (0, 1) au (5, −4) pia ni sawa, w mbili tofauti zinapishana kwa kiasi fulani cha v na tofauti hiyo inamezwa na konstanti ya kwanza. Kwa hiyo jibu lako likiwa na w tofauti na ya mwenzako msigombane, wekeni thamani za mwanzo kwanza mtaona mnafika pamoja.

Jibu la jumla ni e^(2t)[c1 v + c2 (t v + w)]. Pale t = 0 tunataka (2, 1), mstari wa juu unasema c1 + c2 = 2, wa chini unasema −c1 = 1, hivyo c1 = −1 na c2 = 3:

```
x(t) = e^(2t) (2 + 3t)
y(t) = e^(2t) (1 - 3t)
```

Rudisha uhakiki, ni sekunde 30 tu. x' ni e^(2t)(4 + 6t + 3), yaani e^(2t)(7 + 6t). Na 3x + y ni e^(2t)(6 + 9t + 1 − 3t), tena 7 + 6t. Mlinganyo wa pili nao uhakiki, kwa sababu kosa la alama kwenye v mara nyingi linapita kwenye mlinganyo mmoja na kukamatwa kwenye wa pili.

Sasa 3 kwa 3 na ule mtego

```
A = [  0   1   2 ]
    [  1   0   2 ]
    [ -1  -1  -3 ]        x(0) = (1, 2, 0)
```

Polinomia yake inatoka λ³ + 3λ² + 3λ + 1, ambayo ni (λ + 1)³. λ = −1 mara tatu, hakuna nyingine. Unatoa −1 kwenye ulalo, yaani unaongeza 1:

```
N = A + I = [  1   1   2 ]
            [  1   1   2 ]
            [ -1  -1  -2 ]
```

Mistari yote mitatu ni mmoja kwa kweli, ranki ni 1, vekta za aigeni ni 3 − 1 = 2. Tunahitaji tatu, imepungua kwa moja. Sharti la vekta ni a + b + 2c = 0, na yeyote atachagua zile rahisi, u = (1, −1, 0) na p = (−2, 0, 1). Ziko sahihi kabisa zote mbili.

Halafu sasa mtu anafanya kama alivyofanya kwenye 2 kwa 2, anaandika Nw = u. Mstari wa kwanza unasema a + b + 2c = 1, wa pili unasema a + b + 2c = −1. Haiwezekani. Sawa, anajaribu Nw = p, mstari wa kwanza unataka −2, wa pili unataka 0, nayo haiwezekani. Hapo ndipo mtu anaanza kudhani polinomia yake ina kosa, anarudi mwanzo, anakokotoa determinanti upya, anapata vilevile, na muda unaenda. Mimi mwenyewe nilikwama hapahapa kwenye mtihani mmoja wa mwaka wa pili na nilikuwa na kila kitu sahihi mpaka mstari huo.

Kosa haliko kwenye hesabu, liko kwenye kudhani kwamba kila vekta ya aigeni inaweza kukaa upande wa kulia wa Nw = v. Ukiangalia N kwa makini, chochote utakachokiingiza, (a, b, c) yoyote, kinachotoka ni (a + b + 2c) mara (1, 1, −1). N inajua kutoa mwelekeo mmoja tu. Kwa hiyo v pekee inayokubalika ni (1, 1, −1) au kiasi chake, nayo imo ndani ya vekta za aigeni, maana 1 + 1 − 2 = 0, ila si u wala p bali ni mchanganyiko wake, −u − p. Ulikuwa nayo mkononi lakini imejificha ndani ya mbili ulizochagua.

Dawa yake ni kugeuza mwelekeo wa kazi. Usianze na v ukatafuta w, anza na w ukapate v. Chagua w yoyote ambayo N haiifanyi sifuri, ipige N, kinachotoka ndo v yako. Hapa chukua w = (1, 0, 0), hiyo inatoa safu wima ya kwanza ya N, yaani v = (1, 1, −1). Hakuna mlinganyo wa kutatua, hakuna mgongano, umesoma tu safu. Kisha kwa solusheni ya tatu chukua vekta ya aigeni yoyote ambayo si kiasi cha v, u = (1, −1, 0) inafaa.

```
x(t) = e^(-t) [ c1 v + c2 (t v + w) + c3 u ]
```

Pale t = 0, mstari wa tatu unatoa −c1 = 0, wa pili unatoa c1 − c3 = 2 kwa hiyo c3 = −2, wa kwanza unatoa c1 + c2 + c3 = 1 kwa hiyo c2 = 3. Ukikusanya:

```
x(t) = e^(-t) ( 1 + 3t,  2 + 3t,  -3t )
```

Tahadhari moja kuhusu kuchagua w kiholela. Hapa imekubali kwa sababu λ ni moja tu kwenye matriksi nzima na N mara N ni sifuri (jaribu, inatoka sifuri zote tisa). Kama kuna λ nyingine pembeni, tuseme 2 mara mbili na 5 mara moja, w yako ya λ = 2 lazima itoke kwenye suluhisho za N²w = 0, ambapo N = A − 2I, na isiwe yenyewe vekta ya aigeni. Ukichukua w ya barabarani itakuwa imebeba kipande cha λ = 5 ndani yake, na Nw haitakuwa vekta ya aigeni. Ni rahisi kugundua, ipige N tena hiyo Nw, isipotoka sifuri umechagua vibaya.

Njia ya mkato pale λ ikiwa moja tu

Kama matriksi nzima ina λ moja, huhitaji hata vekta za aigeni. A = λI + N, na N ukiizidisha yenyewe mara kadhaa lazima ifike sifuri, haizidi mara n kwa matriksi ya n kwa n. Basi ule mfululizo wa eksponenti unakatika wenyewe:

```
x(t) = e^(λt) ( I + tN + t²N²/2 + ... ) x(0)
```

Kwa 3 kwa 3 yetu N² ni sifuri kwa hiyo vinabaki viwili. N mara (1, 2, 0): 1 + 2 + 0 = 3, inatoka (3, 3, −3). Jibu ni e^(−t)[(1, 2, 0) + t(3, 3, −3)], sawasawa na tulilopata juu, kwa mstari mmoja, bila c1 wala c2. Na ile ya 2 kwa 2 vilevile, N mara (2, 1) ni (3, −3), angalia jibu lake utaiona imekaa pale palipo na t. Mi siku hizi naanza na hii kila inapowezekana, vekta nazitafuta kama swali limezitaka.

Mnyororo ukirefuka

Ingekuwa 3 kwa 3 ina λ mara tatu na vekta moja tu (ranki ya N ni 2), unahitaji vekta mbili za ziada, w na z, ambapo Nz = w na Nw = v, huo ndo mnyororo wa urefu 3, na solusheni ya tatu inakuwa e^(λt)(t²/2 · v + t w + z). Hiyo 2 chini ya t² usiisahau, inatokana na kudifrenshieti, ukiiacha kipande cha t v kinakuja mara mbili na mlinganyo haukubali. Na hapa pia anzia juu, chagua z ambayo N²z si sifuri, w na v zitajileta.

Kuhesabu vekta hakutoshi kila mara kukwambia minyororo ina urefu gani. Mpaka 3 kwa 3 inatosha, ila 4 kwa 4 yenye λ mara nne na vekta mbili inaweza kuwa minyororo miwili ya urefu 2, au mmoja wa 3 na mmoja wa 1, na majibu yake hayafanani maana moja ina t² na nyingine haina. Kokotoa N², ikiwa sifuri ni 2 na 2, isipokuwa sifuri ni 3 na 1. Mpangilio huu wa minyororo ndo ule unaoitwa umbo la Jordan, jina la Camille Jordan, Mfaransa aliyeuchapisha mwaka 1870.

Hiyo t inafanya nini kwenye mwendo wenyewe

λ = −1 unajua kila kitu kitaishia sifuri, na ni kweli, e^(−t) inaishinda t mwisho wa siku. Lakini njiani si hivyo. Chukua x ya kwanza, e^(−t)(1 + 3t): inaanza na 1, inapanda mpaka t = 2/3 ambapo inafika karibu 1.54, halafu ndo inaanza kushuka. Mtu aliyetazama λ peke yake angesema inashuka tangu mwanzo. Kwa matriksi pungufu kupanda kabla ya kushuka kunaweza kutokea, kama unatengeneza kitu ambacho hakitakiwi kuvuka kiwango fulani basi angalia jibu zima.

Pabaya zaidi ni λ = 0 au λ yenye sehemu halisi sifuri. Bila upungufu mfumo unakaa palepale au unazunguka bila kukua, ukiwa na upungufu hapo ile t haina wa kuizuia na jibu linakua bila mwisho. Kwa hiyo huwezi kusema mfumo wa λ = 0 uko thabiti mpaka umehesabu vekta.

Ukitumia kompyuta

Kwa namba za desimali kompyuta haiwezi kuaminika kukwambia kama matriksi imepungua. Rudi kwenye ile 2 kwa 2 ya kwanza, badilisha −1 iwe −1.0001, kitu kidogo mno. Determinanti inakuwa 4.0001 na λ zinakuwa 2 ± 0.01i. Kosa la 0.0001 limezaa mabadiliko ya 0.01, yaani kipeuo cha pili cha kosa, na λ zimegeuka namba changamano mbili tofauti. Kompyuta ina kosa la kukadiria la kama 10⁻¹⁶, kwa hiyo λ iliyojirudia mara mbili kwenye matriksi pungufu inaweza kutoka imeachana kwa kama 10⁻⁸, na programu itakupa vekta mbili "tofauti" ambazo ukizitazama zinakaribia kuwa moja. Ukizitumia kupata c1 na c2 utaona konstanti kubwa mno zenye alama zinazopingana, hiyo ndo dalili.

Tumia hesabu kamili badala ya desimali, na namba ziingize kama namba nzima au sehemu:

```python
from sympy import Matrix, symbols, eye, simplify
t = symbols('t')
A = Matrix([[0,1,2],[1,0,2],[-1,-1,-3]])
print((A + eye(3)).rank())
print(simplify((A*t).exp() * Matrix([1,2,0])))
```

Mstari wa kwanza unatoa 1, ambayo ni ranki yetu, na wa pili unatoa jibu lilelile la (1 + 3t, 2 + 3t, −3t) mara e^(−t), pengine limepangwa tofauti kidogo. Namba zako zikiwa zimetoka kwenye vipimo, ambazo haziwezi kuwa kamili, acha kutafuta vekta na mpe mkokotozi wa eksponenti ya matriksi, `scipy.linalg.expm`, hiyo haitumii vekta za aigeni kwa hiyo matriksi ikipungua au ikikaribia kupungua jibu halivurugiki kwa sababu hiyo.